Mtoto anafahamu Kisukuma lakini anajibu kwa Kiswahili: tafuta chanzo, kisha rekebisha nyumbani

Nafundisha skuli ya maandalizi hapa Wete, na mimi mwenyewe ni Msukuma niliyeolewa Pemba. Kina mama wenzangu kutoka bara, wengi wao Wasukuma na Wanyamwezi walioolewa huku, huniletea malalamiko yaleyale kuhusu watoto wao. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo ninachokikuta mara nyingi, halafu vile vya nadra. Mifano yangu ni ya Kisukuma kwa kuwa ndiyo lugha ninayoijua, lakini ukaguzi ni uleule hata kama kwenu ni Kimakonde au Kingazija. Anza na ukaguzi mwepesi. Usibadilishe mambo makubwa nyumbani kabla hujajua tatizo liko wapi.

Dalili ya kwanza: anaelewa kila kitu, lakini hajibu kwa lugha yako

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Unamwambia kwa Kisukuma alete kikombe, analeta. Unamuuliza amecheza na nani, anakujibu kwa Kiswahili kitupu, tena kwa lafudhi ya Kipemba. Wala si Wete peke yake. Mtafiti Annick De Houwer aliuliza familia zipatazo 1,900 huko Flandasi, Ubelgiji, ambazo nyumbani mzazi mmoja au wote wawili walitumia lugha nyingine mbali na Kiholanzi. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2007, watoto wote walizungumza Kiholanzi, lakini kwenye karibu robo ya familia hizo hakuna mtoto aliyezungumza ile lugha nyingine.

Kabla ya kumtazama mtoto, jitazame wewe. Wakati wa chakula cha usiku weka simu mezani au pembeni ya mkeka, waarifu walio nyumbani, kisha rekodi sauti kwa dakika 15. Sikiliza baadaye ukiwa peke yako, na utafute mambo mawili: nani aliyehamia Kiswahili kwanza, na sentensi zako ngapi zilihitaji jibu la mdomo.

*Chanzo cha kwanza: mama ndiye anayehama.* Mtoto anasema, "Nataka maji," na mama anamjibu kwa Kiswahili, "Subiri nikutilie." Mama hajui hata kama amehama. Mtoto akili yake inafanya kazi vizuri: ameona kwamba Kiswahili kinamletea maji bila taabu, basi kwa nini ajikaze? Katika miaka ya 1990 mtafiti Elizabeth Lanza alichunguza watoto wadogo wa Norwei waliokuwa wakikua na lugha mbili, akaona namna tano ambazo mzazi humpokea mtoto aliyejibu kwa lugha nyingine. Nitazieleza kwa mfano huohuo wa maji, kuanzia ile inayomvuta mtoto zaidi hadi ile inayomwachia.

Ya kwanza, unamuuliza kwa Kisukuma amesema nini, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Ya pili, unakisia kwa kuuliza, "Minzi?" naye anathibitisha. Ya tatu, unalirudia alilolisema kwa lugha yako bila kumtaka alifuate: "Minzi," huku ukimpa kikombe. Ya nne, unaendelea na mazungumzo kwa Kisukuma kana kwamba hakuna kilichotokea. Ya tano, unahamia Kiswahili pamoja naye. Ukisikiliza rekodi yako, huenda ukakuta karibu zote ni za nne na za tano. Hizo mbili si dhambi, ila zinamwonyesha mtoto kwamba lugha yoyote itafaa.

Marekebisho ni kupanda ngazi moja moja. Ukiwa kwenye ya tano, usirukie ya kwanza kesho yake, kwani mtoto ataona mama amegeuka mtu mwingine. Kaa kwenye ya tatu kwa muda, urudie neno lake kwa Kisukuma kila mara, mpaka aanze kulidaka mwenyewe. Halafu ongeza swali la kuchagua, ambalo kwangu ndilo lenye nguvu kuliko yote kwa watoto wa miaka 2 hadi 6: "Minzi au mabele?" Hapo hawezi kujibu ndiyo wala hapana. Atataja kimoja kati ya maji na maziwa, na maneno yote mawili umeshamtia mdomoni. Namna ya kwanza, ile ya kujifanya hukusikia, itumie mtoto akiwa ametulia na unajua neno analo. Akiwa analia, ameumia au ana njaa, mhudumie kwa lugha yoyote. Usimnyime chakula wala choo mpaka aseme neno. Nimeona nyumba ambayo jambo hilo lilifanywa, na mtoto alikataa lugha nzima.

*Chanzo cha pili: lugha yako imebaki kuwa ya amri.* Lete, kaa, acha, njoo, nawa mikono. Amri hujibiwa kwa mikono na miguu, kwa hiyo mtoto anaweza kukuelewa miaka mitano asiseme kitu. Kama kwenye rekodi sehemu kubwa ya sentensi zako ni za namna hiyo, umekipata chanzo, na dawa yake ni kazi inayofunga mikono na kuacha mdomo huru.

Pemba tunayo kazi hiyo. Msimu wa karafuu, jioni, nyumba nzima hukaa kulizunguka fungu kuchambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande mwingine, kabla ya kuanikwa kwenye majamvi asubuhi. Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kupewa fungu lake dogo. Macho yako chini, hakuna anayemkodolea, na kazi haiishi upesi. Mtoto anayekaa kimya ukimketisha mbele yako na kumwambia "sema", hapo huanza kuongea. Hesabuni makonzi kwa Kisukuma. Muulize hili liende wapi. Jifanye umekosea, utie makonyo kwenye karafuu, umwachie akusahihishe, kwani kumsahihisha mama ni jambo ambalo mtoto halipitii kimya. Nje ya msimu, chambueni mchele au dagaa, au akae karibu ukikuna nazi.

Kazi ikishika kasi, ingiza hadithi. Wasukuma tunayo ile ya Shing'weng'we, jitu lililomeza watu na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba, naye akamzaa Masala Kulangwa. Kwa namna nilivyohadithiwa mimi, kijana huyo anatoka kwenda kulitafuta jitu, na kila siku anarudi na mnyama mwingine. Leo ni panzi, kesho ndege, keshokutwa swala. Kila mara anamuuliza mama yake kama huyo ndiye Shing'weng'we, na mama anamjibu kuwa siye, mwanangu, huyo ni panzi tu. Sentensi ni moja inayorudi, na jina la mnyama ndilo linalobadilika. Siku za mwanzo semea wote wawili. Baadaye anza swali la Masala, kisha nyamaza kabla ya neno la mwisho, uhesabu kimoyomoyo mpaka 5 bila kumsaidia. Akilitia neno, endelea bila kumpigia makofi. Atakapoizoea, mpe nafasi ya Masala yote, wewe ubaki mama.

Kuna mama mmoja wa hapa Wete, mwenyeji wa Shinyanga, mume wake ni Mpemba, mtoto wao wa kiume alikuwa na miaka 5 aliponifuata. Rekodi yake ilionyesha vyanzo vyote viwili: yeye ndiye aliyehama kwanza karibu kila mara, na Kisukuma chake kilikuwa cha kuamrisha. Hakuweza kubadilisha siku nzima, kwani mtoto alikuwa skuli asubuhi, chuoni mchana, na mitaani na wenzake mpaka Magharibi. Tukachagua vipindi viwili tu, chakula cha usiku na hadithi. Kwa wiki za mwanzo alirudia tu maneno ya mtoto kwa Kisukuma. Mtoto akaendelea na Kiswahili chake, na mama alikaribia kukata tamaa. Maswali ya kuchagua yakaleta neno mojamoja. Kisha ikaingia hadithi, na mtoto akaishika sentensi ya Masala nzima. Siku moja sokoni alimwona pweza ametandazwa mezani, akamvuta mama yake na kumuuliza kwa Kisukuma, kwa sentensi ileile, kama huyo ndiye Shing'weng'we. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema sentensi nzima nje ya mchezo bila kuombwa.

Habari za skuli bado alizisimulia kwa Kiswahili, na nilimwambia mama asizilazimishe. Mambo yaliyotokea kwa Kiswahili hukumbukwa kwa Kiswahili, na mtoto huwa hana maneno ya Kisukuma ya ubao, foleni na mapumziko. Msikilize mpaka amalize. Halafu msimulie mdogo wake habari ileile kwa Kisukuma, yeye akiwa anasikia. Utashangaa atakavyoingilia kukusahihisha.

*Chanzo cha tatu, cha nadra zaidi: hajawahi kumsikia mtu mwingine.* Kama wewe ndiye Msukuma pekee anayemjua, lugha hiyo kwake ni mazoea ya mama tu. Hapo michezo peke yake haitoshi, anahitaji msemaji wa pili. Njia ya karibu ni kukutana na familia nyingine ya kwenu mara moja kwa wiki, watoto wakicheza mdako au kombolela na wakubwa wakiongea lugha yao. Likizo ya kwa bibi inazidi hiyo kwa mbali, hasa akiwa na binamu wa rika lake.

Dalili ya pili: anachanganya lugha ndani ya sentensi moja

Wazazi wengi wanaogopa hili kuliko wanavyopaswa. Kuchanganya ni kawaida kwa mtoto wa lugha mbili, na watu wazima tunafanya hivyohivyo. Chanzo cha kawaida ni kwamba neno hana, kwa hiyo analiazima. Ukaguzi wake ni mwepesi: mwonyeshe kitu hicho wakati mwingine, umuulize jina lake kwa Kisukuma. Akinyamaza, basi neno hana. Mpe, ulitumie mara nyingi katika siku chache zinazofuata, na usimkatize alipokuwa akisema.

Chanzo cha pili ni kwamba ndivyo anavyosikia. Rekodi itakwambia kama wewe mwenyewe unachanganya. Cha tatu ni undugu wa lugha hizi: Kisukuma na Kiswahili zote ni za Kibantu, ngeli zinafanana na maneno mengi yanakaribiana, kwa hiyo mtoto hachoki kuvuka mpaka, na mara nyingine hata haujui uko wapi. Tena Kisukuma ni lugha ya toni, na Kiswahili hakina toni, ndiyo maana mtoto aliyekulia Pemba huweza kutamka maneno sahihi na bado bibi akacheka matamshi yake. Hapo usimfundishe kwa kumrudisharudisha. Nyimbo na hadithi anazosikia kwa bibi mwenyewe zitamsaidia zaidi ya masahihisho yako, na mwombe bibi kwa adabu asimcheke.

Dalili ya tatu: alikuwa anasema, sasa anakataa mbele ya watu

Hutokea sana akianza skuli. Chanzo cha kwanza ni aibu: wenzake wamemwiga au wamemwita mtu wa bara. Muulize kwa utulivu, usimuulize mbele ya ndugu zake. Zungumza na mwalimu pia. Mimi mwalimu akiniambia kuwa mtoto anachekwa, naweza kuwapa darasa zima zamu ya kuamkiana kwa lugha za nyumbani, na "mwangaluka" ikasemwa na watoto wote asubuhi moja. Mbele za watu mruhusu ajibu kwa Kiswahili. Wewe endelea na Kisukuma kwa sauti ya kawaida, na usimtoe mbele ya wageni aonyeshe anachojua.

Chanzo cha pili kimo ndani ya nyumba. Baba au mama mkwe haelewi, na anahisi anasengenywa, basi kila akiingia wewe unahama na mtoto anajifunza kwamba lugha hii ni ya kuficha. Jambo hili limalizeni wakubwa kwanza. Njia iliyofaa kwa wengi ni kumwambia mtoto kwa Kisukuma, kisha kumgeukia mkwe: "Mama, nimemwambia akanawe, chakula tayari." Anayejua kinachosemwa hana la kushuku. Baba naye ajifunze salamu na shukrani, "mwadila" ya mchana na "wabeja". Mtoto akimsikia baba yake Mpemba akisema "wabeja" mezani, aibu hupungua haraka kuliko kwa maneno yako mengi.

Dalili ya nne: simu na bibi inaisha kwa dakika moja

Anaamkia, anaulizwa hali, anasema "mhola", anarudisha simu. Mara nyingi si kwamba lugha imekosekana. Hawana la kuzungumza, kwani bibi wa Shinyanga na mjukuu wa Pemba hawaoni kitu kimoja. Basi wape kitu. Piga simu ya video mkiwa kwenye kazi, mtoto amwonyeshe bibi karafuu zinavyoanikwa, au bibi amalizie hadithi aliyoiacha katikati wiki iliyopita. Kumwacha bibi akatize hadithi pazuri kabisa ndiyo hila ninayoipenda, mtoto mwenyewe ataiomba simu. Mtandao ukiwa dhaifu, tumianeni ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Bibi anatuma kitendawili usiku, mtoto anatuma jibu asubuhi. Faida yake ni kwamba mtoto anaweza kusikiliza tena, na akajirekodi upya mpaka aridhike.

Dalili ambazo si za nyumbani: acha michezo, nenda hospitali

Kulea mtoto kwa lugha mbili hakumcheleweshi kusema. Ukiambiwa uache Kisukuma ili Kiswahili kije, usikubali haraka. Lakini pia usijifariji kwamba "ni kwa sababu ya lugha mbili" mtoto anapokuwa na tatizo la kweli. Kosa hili la pili ndilo linalonitia hofu, maana linapoteza miezi.

Hesabu maneno ya lugha zote mbili pamoja. Akijua "minzi" na "paka", hayo ni maneno mawili. Mpeleke kituo cha afya na uombe rufaa ikiwa:

- ana mwaka 1 na habwabwaji, haonyeshi kwa kidole wala hapungi mkono;
- ana miezi 18 na hana neno hata moja katika lugha yoyote;
- ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili, hata kwa kuchanganya lugha;
- hageuki akiitwa nyuma yake, au anataka redio juu sana, au masikio yanatoa usaha mara kwa mara;
- baada ya miaka 3 watu wa nje hawaelewi karibu chochote anachosema kwa lugha yake yenye nguvu;
- alikuwa anasema, akapoteza maneno katika lugha zote mbili. Hili usilisubirie, haidhuru umri wake.

Angalia tofauti katika hilo la mwisho: aliyeacha Kisukuma lakini Kiswahili kinaendelea kukua yuko kwenye dalili ya kwanza au ya tatu hapo juu. Aliyepungua kote ni mgonjwa mpaka daktari aseme vingine.

Omba masikio yapimwe kwanza, kwani mtoto asiyesikia vizuri hufanana sana na mtoto mkaidi. Kwa Pemba anzia kituo cha karibu au hospitali ya wilaya, watakuelekeza kama inabidi kuvuka kwenda Mnazi Mmoja, Unguja. Nenda na daftari lenye safu mbili, maneno anayosema kwa Kiswahili na anayosema kwa Kisukuma, pamoja na rekodi fupi ya sauti yake akicheza nyumbani, kwani chumbani kwa daktari watoto wengi hawafungui mdomo. Na daktari akiuliza anasema lugha gani, taja zote mbili, na useme ni nani anayemsemesha kila moja.